Mayai Manane kwa Mia

Asubuhi hiyo binti mmoja alikuwa amejifungia kwenye choo cha karakana, simu mkononi, anajisomea barua pepe yake kwa sauti ya chini kama mtu anayejizoesha kuposa. Pumzi ilimwishia alipofika kwenye "bila kusahau" ya tatu. Mama mmoja wa karakana akagonga mlango, akamuuliza kwa upole kama anaumwa au anahutubia, maana kuna watu wanasubiri.

Ndiyo maana pale walimwita Gazeti. Si kwa ajili ya umbea, maana umbea unahitaji mdomo, na yeye mdomo wake ulikuwa wa kulia chakula tu. Walimwita hivyo kwa sababu kila alichokiandika kilikuwa kirefu, kina kurasa za katikati, na hakuna aliyekifikisha mwisho.

Karakana ilikuwa ya mjomba wake. Walitengeneza trei za mayai kwa karatasi chakavu. Maboksi na magazeti ya zamani yaliloweshwa kwenye mapipa, yakasagwa mpaka yakawa uji wa kijivu, uji ukamiminwa kwenye kalibu za umbo la trei ukabanwa, kisha trei zikaingia kwenye tanuri kukauka. Akina mama wawili walisaga na kubana. Mjomba alilisha tanuri na kulitukana. Gazeti kazi yake ilikuwa kutafuta wateja, kazi iliyopewa mtu asiyeweza hata kumwambia msusi kwamba anamvuta nywele.

Na wateja walikuwa wamekauka kuliko trei. Mjomba alishampata mtu anayetaka kulinunua lile tanuri, akamwomba asubiri mpaka mwisho wa mwezi. Hakulificha hilo. Aliwaita wote, akasimama mbele ya tanuri kama mtu anayemtambulisha mgonjwa kwa ndugu, akasema: tukipata mteja mkubwa mmoja, linabaki. Tusipopata, linaondoka, na bila tanuri hakuna karakana, kila mtu na lwake. Halafu akamgeukia mpwa wake. Wote wakamgeukia mpwa wake. Gazeti akaangalia viatu vyake, akagundua kamba moja imelegea, akashukuru.

Mteja mkubwa walikuwa wanamjua. Ilikuwa ile kampuni ya kuku ambayo malori yake meupe yalipita barabara kuu kila alfajiri. Mjomba alipata kadi ya mkurugenzi wake kwenye maonyesho ya biashara, na kwenye kadi kulikuwa na anwani ya mkurugenzi mwenyewe, si ile ya mapokezi ambako barua huenda kuzikwa.

Kwa hiyo Gazeti alitoka chooni, akampa mjomba simu. Mjomba akaanza kusoma. Akapandisha ukurasa kwa kidole gumba, akapandisha tena, akabadilisha kidole. Kulikuwa na salamu, kulikuwa na hali ya hewa, kulikuwa na historia ya karakana tangu enzi za pipa moja, na aya nzima juu ya maumbile ya yai.

"Mpwa wangu," mjomba akasema, "hapa kwenye yai kutagwa nimepaona. Mteja anaingia wapi?"

Akamkalisha kwenye gunia la maboksi, akamweleza. Mkubwa anasoma barua kwenye simu, amesimama, anasubiri lifti au anamsikiliza mtu mwingine nusu sikio. Anaona mistari mitatu bila kugusa kioo, basi. Mstari wa kwanza unamhusu yeye, si wewe. Wa pili unamwambia jambo moja mlilomfanyia mtu kama yeye, jambo linalohesabika, namba moja tu, maana ukimpa namba tano hakumbuki hata moja. Wa tatu unamuuliza swali dogo analoweza kulijibu kwa ndiyo au hapana. Usiambatanishe picha, wala usimwambie unatumaini barua imemkuta mzima. Akiwa mgonjwa atajua mwenyewe.

Gazeti alikata maneno yake siku nzima, na kila neno alilolikata lilimuuma kama jino. Ile aya ya maumbile ya yai hakuifuta, aliihifadhi pembeni, kwa kuwa kuna vitu mtu huwezi kuvitupa hivihivi. Mwishowe kilichobaki kilikuwa hiki:

*Nimesoma kuwa mmefungua ghala jipya mji wa pili, kwa hiyo mayai yenu sasa yanasafiri mbali zaidi.*
*Kwa mfanyabiashara mmoja wa mayai sokoni, trei zetu zimeshusha mayai yanayovunjika njiani kutoka manane hadi moja katika kila mia.*
*Je, tuwaletee trei za kujaribu kwenye lori moja?*

Mjomba alisoma mara moja, akamrudishia simu, akasema tuma. Gazeti akafumba macho, akabonyeza, akaenda kujificha nyuma ya mapipa kana kwamba mkurugenzi angetokea pale dirishani.

Hiyo namba haikuokotwa. Mteja wao wa siku zote, mama mnene mwenye kibanda kikubwa sokoni ambaye wote walimwita Mama Mayai, alikuwa analeta mayai kwa lori kutoka mashambani, na kwa trei za zamani alikuwa anapoteza manane kwa kila mia. Walipompelekea trei mpya zenye vishimo virefu, Gazeti alipanda lori mwenyewe kwenda kushuhudia. Walipofika sokoni wakahesabu yai kwa yai. Moja kwa mia. Mama Mayai alisema hajawahi kuona. Gazeti naye hakuona vizuri, maana alikuwa amekaa kwenye kreti, kichwa katikati ya magoti.

Jibu lilikuja kesho yake kabla ya chai. Gazeti aliliona, akaiweka simu kifudifudi, akaigeuza tena. Mkurugenzi mwenyewe, mstari mmoja: *Mlipimaje? Safari ngapi, na barabara ileile?*

Mjomba alipoonyeshwa alimshika mama wa kusaga mkono, akacheza naye kuzunguka pipa. Akalipiga tanuri kofi la mahaba, akaungua. Alisema mkubwa akiuliza swali ujue ameshaonja, sasa mpe jibu la kushiba: mwambie safari nyingi, barabara mbovu kupindukia.

"Safari ni moja, mjomba," Gazeti akasema.

"Ilikuwa ndefu. Ihesabu mbili."

Alicheka alipokuwa anasema, lakini Gazeti lile swali lilimng'ang'ania. Barabara ilikuwa ileile, lori lilelile. Kitu gani tena? Akaona bora aende akathibitishe kwa aliyekuwa anaendesha. Kwa kawaida angemwandikia, ila dereva wa Mama Mayai alikuwa hasomi ujumbe, anasikiliza sauti tu, na Gazeti kurekodi sauti yake alikuwa anaona ni kama kujipiga picha akiwa anaoga. Basi akaenda kwa miguu yake mpaka sokoni.

Dereva alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Gazeti aliisalimia ile miguu, akaiuliza kama siku ile ya trei mpya kulikuwa na kitu chochote tofauti na siku zingine. Miguu ikajikunja. Kisha dereva akajivuta nje, uso umejaa grisi, akamtazama kuona kama anataniwa.

"Dada, tofauti ilikuwa wewe," akasema. "Siku ile nilibeba mayai, au nilikubeba wewe?"

Akamkumbusha, na kwa bahati mbaya akamkumbusha kwa sauti, wauza vitunguu wakiwa wamegeuka kusikiliza. Hawajafika hata kilomita ya kwanza dada akaomba mfuko. Kwenye kona ya pili akaomba wapunguze mwendo. Kila shimo likionekana kwa mbali, dada anasema polepole kaka, polepole, huku ameshika kishikio cha mlango kama anayeshuka kaburini. Yeye dereva alikuwa ameosha ndani ya lori jana yake. Angefanya nini? Aliendesha kama amebeba bakuli la mchuzi mapajani. Baiskeli ziliwapita. Mzee mmoja mwenye mkokoteni aliwapita, akawapungia mkono wa pole. Siku za kawaida, akasema, yeye huwa anakimbiza ili awahi soko, mashimo anayaruka.

Gazeti alirudi karakana kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani. Njiani alijipigia hesabu, na kila alivyoipiga ilitoka vilevile. Hawakuwa wamepima trei. Walikuwa wamepima tumbo lake. Watu wengine wana vipaji vya kuimba, wengine wanapiga chenga uwanjani. Yeye Mungu alimjalia kichefuchefu, na hicho kichefuchefu amekiandikia barua, amekitia namba, amekipeleka kwa mkurugenzi wa kampuni kubwa kama ushahidi. Na mkurugenzi amekipenda.

Alimweleza mjomba akiwa amesimama mlangoni, ili akikemewa iwe rahisi kutoka. Mjomba hakukemea. Alikaa juu ya gunia, akafikiri, mabega yakaanza kutikisika.

"Basi tuachane na trei," akasema. "Tuuze wewe. Kila lori liwe na Gazeti mmoja na mfuko wake."

Akina mama wakacheka mpaka mmoja akaacha mashine ikabana hewa. Gazeti naye akacheka, cheko la mtu anayekaangwa huku anasifiwa harufu. Lakini kicheko kilipoisha, mwisho wa mwezi ulikuwa palepale.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitegemea: alimwandikia mkurugenzi bila kumuuliza mtu. Mstari mmoja, kwamba anaomba wiki moja ili ampe jibu kamili. Mjomba alipojua alishika kiuno. Alisema wiki kwa wakubwa ni kama mwaka kwa kuku, atakuwa ameshasahau hata kama kuna kitu kinaitwa trei. Ila ilishatumwa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Upimaji wa pili, Gazeti hakupanda lori. Hilo ndilo lilikuwa sharti la kwanza, na dereva alilipokea kwa furaha isiyo na adabu. Sharti la pili: lori moja, safari moja, nusu ya mzigo kwenye trei za zamani na nusu kwenye trei zao, ili barabara na mwendo na hasira za dereva viwe sawa kwa zote. Dereva akasema upande wa nyuma juu ya magurudumu ndio unaorushwa zaidi, kwa hiyo wakakubaliana trei zibadilishane nafasi: leo zao nyuma, kesho zao mbele. Mama Mayai akatoa msichana wake wa kibandani ahesabu, na yai lenye ufa lihesabiwe limevunjika hata kama halijavuja, maana mnunuzi hanunui ufa. Dereva akaambiwa aendeshe kama kawaida yake. Akauliza kawaida ya kweli au ya mbele za watu. Wakamwambia ya kweli.

Wakafanya safari sita. Gazeti alikuwa anangoja sokoni, mbali kidogo na lori, kwa kuwa hata harufu ya dizeli ilikuwa inamtosha. Baada ya safari ya kwanza alijipa moyo. Baada ya ya tatu akaacha kujipa. Zilipoisha zote sita wakajumlisha: kwenye trei za zamani, manane kwa mia, kama alivyosema Mama Mayai tangu mwanzo. Kwenye trei zao, matano.

"Matano," mjomba akarudia, kama mtu anayetajiwa jina la mkwe asiyemtaka. "Kutoka manane hadi matano. Hata kuku mwenyewe asingefungua hiyo barua."

Mama Mayai, aliyekuwa pale kwa ajili ya kuchukua mzigo, alisema yeye kwake matatu aliyookoa kwa kila mia si haba, na ataendelea kununua. Lakini Mama Mayai peke yake hakuweza kulibakiza tanuri, na wote walilijua hilo, na yeye alilijua, akaondoka mapema.

Mjomba akafunga mlango, akazungumza taratibu, jambo lililomtisha Gazeti kuliko kelele. Alisema hakuna aliyemwomba adanganye. Lile moja kwa mia lilitokea, walilihesabu kwa mikono yao, mashahidi wapo. Mkurugenzi ameuliza mlipimaje. Mjibu kuwa mlipima kwa lori, yai kwa yai, mbele ya mteja. Kila neno la kweli. Mambo ya nani alitapika wapi ni siri ya ndani, hayaandikwi kwenye barua ya biashara. Wale akina mama wawili wana watoto. Alimwomba alifikirie hilo kabla ya kujifanya mtakatifu.

Gazeti hakuwa anajifanya mtakatifu. Alitamani sana kusema uongo, tatizo aliogopa. Alikuwa anaiona ile siku yenyewe: trei zao zimepanda lori jeupe, dereva wa kampuni hana mtu wa kumwomba polepole kaka, lori linafika mji wa pili, wanahesabu, matano. Lori halina haya. Lingesema mbele ya mkurugenzi kile ambacho yeye ameona haya kukisema. Na hapo hawatakuwa watu wenye trei nzuri kiasi. Watakuwa matapeli wenye trei nzuri kiasi.

Alimwambia mjomba hivyo, akaishia katikati, akamalizia kwa mikono. 

"Ukimwambia, tumekosa," mjomba akasema.

"Tusipomwambia, tumekosa baadaye, mjomba. Na trei atakuwa nazo yeye."

Mjomba akachukua koleo akaenda kwenye tanuri. Akiwa amempa mgongo akasema simu ni yako na jina la chini ni lako, mimi sijaona kitu. Gazeti hakujua kama ile ni ruhusa au laana. Akaamua ni ruhusa, maana laana angeshindwa kuandika nayo.

Akakaa kwenye gunia la maboksi. Alianza na kurasa mbili, kwa mazoea. Kulikuwa na kuomba radhi mara nne, kulikuwa na utoto wake na mabasi ya shule, kulikuwa na nadharia yake juu ya sikio la ndani. Akakata. Akafuta radhi moja, akafuta ya pili. Kwenye suala la kutapika alisimama muda mrefu. Aliandika "sababu zisizozuilika". Akafuta. Aliandika "hali ya kiafya ya mshuhudiaji". Hiyo ilimpendeza, ilikuwa na sauti ya hospitali, lakini akajua mkurugenzi angeuliza tena hali gani, na swali la pili lingekuwa baya kuliko la kwanza. Akaandika "kichefuchefu". Mficha uchi hazai, akajisemea, ingawa aliyebuni methali hiyo hakuwahi kuombwa aiandike kwenye barua pepe kwa mkurugenzi.

Mama wa kusaga alikuja akasimama nyuma yake, akasoma juu ya bega lake bila kuficha. Huyu ndiye angekuwa wa kwanza kurudi nyumbani tanuri likiondoka. Gazeti alingoja aambiwe aache.

"Hapo weka 'natapika'," yule mama akasema. "'Kichefuchefu' kirefu, na wewe mrefu unatosha."

Akaweka. Ilikuwa hivi:

*Ile namba niliyokutumia si ya kutegemea: ilikuwa safari moja, na mimi nilikuwa ndani ya lori nikimsihi dereva aende polepole kwa sababu natapika safarini.*
*Tumepima upya bila mimi, safari sita, barabara ileile, trei za zamani na zetu ndani ya lori moja: mayai yaliyovunjika kwa mia ni manane kwenye za zamani, matano kwenye zetu.*
*Je, bado tuwaletee trei za kujaribu kwenye lori moja?*

Aliisoma yote kwa pumzi moja, sauti ya kawaida, hapo mbele ya watu. Mama wa kubana aliacha kubana akasikiliza. Mjomba, ambaye hajaona kitu, alikuwa ameacha kuchochea moto. Gazeti alibonyeza, macho yakiwa wazi, na mara moja alijuta, akatafuta kama kuna mahali pa kuirudisha. Hapakuwepo.

Nusu saa ilipita, mjomba akapita karibu yake kuchukua boksi ambalo hakulihitaji, akauliza kama mtandao upo. Upo. Baadaye akapita tena kurudisha lile boksi. Yule mama wa kusaga alisema wakubwa mchana wanakula. Alasiri alisema wakubwa alasiri wana vikao. Jioni alinawa mikono, akavua aproni, akaikunja vizuri kuliko siku zote.

Kesho yake karatasi zilisagwa na kubanwa, trei zikakaushwa kama kawaida. Yule mtu anayelitaka tanuri alipiga simu, mjomba akaongea naye nje, akarudi bila kusema walichoongea. Gazeti aliiweka simu yake juu ya pipa lililo mbali, ili asiiangalie, kisha akawa anatembea mpaka kule kuiangalia. Barua yake ilikuwa palepale juu kabisa, mistari mitatu, haihitaji hata kupandishwa kwa kidole, na chini yake hapakuwa na jibu. Akaisoma tena akitafuta neno la kukata, akakuta hakuna, akairudisha simu juu ya pipa, akaenda kuwasaidia akina mama kupanga trei.